Tanki la lita 30,000 lililofurika kabla boza la pili halijaisha

Nyumba yenyewe iko pembezoni mwa Dar es Salaam, mtaa ambao maji ya bomba huja kwa zamu na pengine zamu hupitiliza. Mwenye nyumba ni mama mmoja anayeishi na watu wengine sita. Alijengewa tanki la chini ya ardhi, la tofali na zege, na siku ya kukabidhiwa kazi fundi alimwambia: "Mama, hapo una lita elfu thelathini. Maboza matatu ndiyo lijae." Karatasi ya makubaliano nayo iliandikwa hivyohivyo, tanki la lita 30,000, na bei ikapangwa kwa ukubwa huo.

Pampu ilipoanza kuvuta hewa, mama aliagiza maboza mawili ya lita 10,000 kila moja. Kwa hesabu aliyopewa, tanki lilipaswa kubaki na nafasi ya boza zima. Badala yake, boza la pili halijamaliza kumwaga, maji yakaanza kutoka kwenye bomba la juu linalopeleka ziada mtaroni. Dereva akafunga koki na kudai malipo ya mzigo wote, kwa kuwa kosa la tanki kujaa si lake. Fundi alipopigiwa simu akasema bila shaka tanki lilikuwa na maji mengi tangu mwanzo na mama hakuangalia. Mama akabaki na maswali mawili: tanki lake linachukua lita ngapi kweli, na je, boza la lita 10,000 linaleta lita 10,000?

Maswali yote mawili yanajibiwa kwa futikamba, fimbo na namba moja, yaani 1,000. Namba hiyo kila aliyepita darasa la sita ameiona. Shida ni mahali inapowekwa.

Elfu moja inatoka wapi

Lita ni ujazo wa kisanduku chenye urefu, upana na kimo cha desimita moja, yaani sentimita 10 kila upande. Sasa chukua sanduku kubwa la mita moja kila upande na ulijaze kwa visanduku hivyo. Sakafuni vitakaa mistari 10 yenye visanduku 10 kila mmoja, jumla 100. Hiyo ni safu ya chini peke yake, ina kimo cha sentimita 10 tu. Kufika juu zinahitajika safu 10 za namna hiyo. Mia mara kumi ni elfu, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni lita 1,000 kamili.

Wanaozidisha kwa 100 wamesimama kwenye safu ya kwanza. Huwa wanafikiri hivi: mita moja ni sentimita 100, basi mita moja ya ujazo itakuwa mia ya kitu fulani. Lakini ujazo hukua pande tatu kwa pamoja. Mita moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 100 × 100 × 100, yaani 1,000,000, na kila sentimita za ujazo 1,000 ni lita moja. Kwa njia yoyote utakayopita, unaishia kwenye lita 1,000.

Neno "kamili" hapo juu lina historia fupi. Kuanzia 1901 hadi 1964 lita ilielezwa kwa uzito, kama nafasi inayochukuliwa na kilo moja ya maji safi, na hiyo ilipishana na desimita ya ujazo kwa takriban sehemu 28 katika milioni. Mwaka 1964 mkutano mkuu wa vipimo uliirudisha lita kuwa jina jingine la desimita ya ujazo. Kwa tanki la mama huyu tofauti ile isingefika hata lita moja. Hata hivyo, uhusiano wa lita na kilo unabaki kuwa kipimo kizuri cha akili ya kawaida: mita ya ujazo ya maji ina uzito wa karibu tani moja. Akija mtu na pikapu akidai amebeba lita 10,000, anadai amebeba tani kumi.

Kwa wanaolipia maji ya bomba, namba hii iko mkononi kila mwezi. Uniti moja kwenye bili ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, ambazo ni ndoo 50 za lita 20.

Thelathini elfu za fundi

Fundi hakukosea kuzidisha. Mita 4 kwa mita 3 kwa mita 2.5 ni mita za ujazo 30, na mita za ujazo 30 ni lita 30,000. Kila mstari wa hesabu hiyo ni sahihi. Kosa ni kwamba vipimo hivyo ni vya nje. Mita 4 kwa 3 ndio umbali kutoka uso wa nje wa ukuta mmoja hadi uso wa nje wa ukuta unaoukabili, na mita 2.5 inaanzia chini ya zege la sakafu hadi juu ya zege la mfuniko. Fundi alikuwa nazo kichwani kwa sababu ndizo alizochimbia shimo na kupigia hesabu ya tofali. Kwa kazi ya kuchimba na kujenga, vipimo vya nje ndivyo vinavyofaa. Maji ndiyo yanakaa ndani.

Maji yalipopungua hadi karibu na sakafu, vipimo vya ndani vilichukuliwa upya. Ukuta ulijengwa kwa tofali za inchi sita zilizolazwa, kwa hiyo una unene wa inchi tisa, yaani sentimita 23 hivi. Juu yake kuna lipu ya sentimita 2 upande wa ndani. Kila ukuta basi umekula sentimita 25, na kila upande wa tanki una kuta mbili, hivyo urefu unapungua nusu mita na upana nusu mita. Urefu wa ndani ni mita 3.50, upana wa ndani mita 2.50.

Kimo nacho kina mawili ya kuangalia. Zege la sakafu ni sentimita 15 na zege la mfuniko ni sentimita 15, hivyo kutoka sakafu hadi chini ya mfuniko kuna mita 2.20. Lakini maji hayawezi kufika kwenye mfuniko. Bomba la kutoa ziada limetobolewa ukutani, na ukingo wake wa chini uko sentimita 20 chini ya mfuniko. Maji yakifika hapo yanatoka. Kimo cha maji ni mita 2.00, si 2.20.

Hesabu ya kweli sasa ni hii:

```
3.50 m × 2.50 m × 2.00 m = 17.5 m³
17.5 × 1,000 = 17,500 lita
```

Lita 12,500 zimeyeyuka, na ukitaka kujua zilikokwenda unaweza kuzifuata moja moja. Eneo la nje ni mita za mraba 12, la ndani ni 8.75. Tofauti ya 3.25 ukizidisha kwa kimo cha mita 2.5 unapata mita za ujazo 8.125, ambazo ni kuta na lipu yake. Zege la chini na la juu, sentimita 30 kwa pamoja juu ya eneo la ndani, linachukua 2.625. Hewa iliyo juu ya bomba la ziada ni 1.75. Ukijumlisha unapata 12.5 kamili. Yaani zaidi ya robo ya "lita" alizokabidhiwa mama ni tofali na lipu.

Kwa tanki la plastiki ukuta ni mwembamba na mtu anaweza kupima nje bila madhara makubwa. Kwa tanki la tofali, hasa dogo, kupima nje ni kosa la theluthi au zaidi. Tanki likizidi kuwa dogo, sehemu inayoliwa na ukuta inazidi kuwa kubwa, kwa sababu unene wa sentimita 25 haupungui hata kama tanki ni la mita moja na nusu.

Fundi alipoonyeshwa vipimo alikubali kwa upande mmoja. Alisema kote anakofanya kazi ukubwa wa tanki hutajwa kwa shimo. Huenda ni kweli kwake na kwa mafundi wenzake, lakini kwenye karatasi ya makubaliano iliandikwa lita, na lita ni za maji. Anayetaka kuepuka ubishi huu aandike kwenye makubaliano vipimo vitatu: urefu wa ndani baada ya lipu, upana wa ndani baada ya lipu, na kimo kutoka sakafu hadi ukingo wa chini wa bomba la ziada. Lita zitajitokeza zenyewe.

Mahali kalkuleta inapopotosha

Kabla ya kukubaliana na 17,500, hesabu hiyohiyo ilipigwa na watu watatu ndani ya nyumba, na yalipatikana majibu matatu.

Wa kwanza alipima kwa sentimita, kama futikamba inavyosomeka: 350 × 250 × 200. Akapata 17,500,000, akagawanya kwa 100 ili "kurudi kwenye mita", akapata mita za ujazo 175,000. Jibu la namna hii halina hatari kubwa kwa sababu linajishtaki lenyewe. Maji ya ujazo huo yangekuwa tani 175,000 chini ya uwanja wa nyumba.

Wa pili alichanganya vipimo. Urefu na upana aliandika kwa mita, kimo akakisoma kwenye fimbo kwa sentimita: 3.5 × 2.5 × 200. Akapata 1,750. Wa tatu alipata 17.5 kwa usahihi, kisha akazidisha kwa 100 badala ya 1,000, naye akapata 1,750. Wawili hawa walipolinganisha majibu wakafurahi kwamba yamefanana, wakaamua tanki ni la lita 1,750.

Hili la kufanana ndilo baya. Lita 1,750 ni namba inayoingia akilini. Kuna matanki ya ukubwa huo, na kalkuleta haikuonyesha kitu cha kushtua. Kinachoivunja ni ndoo. Lita 1,750 ni ndoo 87 na nusu za lita 20. Chumba cha mita tatu na nusu kwa mbili na nusu, chenye kimo kinachomzidi mtu mrefu, hakiwezi kujazwa kwa ndoo 87. Ndoo 875, ambazo ni lita 17,500, zinaelekea kuaminika.

Njia inayozuia makosa yote matatu ni kupima kwa desimita tangu mwanzo. Soma futikamba kwa sentimita, kisha sogeza nukta nafasi moja kushoto kabla ya kuzidisha. Sentimita 350 ni desimita 35, 250 ni 25, 200 ni 20. Zidisha 35 × 25 × 20, unapata 17,500, na hizo tayari ni lita. Hakuna elfu ya kukumbuka wala nukta ya kusogeza mwishoni, kwa kuwa desimita ya ujazo ndiyo lita. Tunaona ajabu kwamba desimita hufundishwa darasani na kusahaulika mlangoni, ilhali kwa matanki ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote.

Fimbo, na boza lililopungua

Tanki lenye kuta zilizosimama wima lina faida moja: kila sentimita ya kimo ina lita zilezile. Eneo la sakafu ni mita za mraba 8.75. Sentimita moja ya maji juu yake ni 8.75 × 0.01, yaani mita za ujazo 0.0875, na hizo ni lita 87.5. Kuanzia hapo, fimbo iliyonyooka yenye alama za sentimita inatosha kuwa kipimo cha maji. Imetumbukizwa kupitia mdomo wa tanki, ikagusa sakafu, ikatolewa, na mstari wa unyevu ukasomwa mara moja kabla haujapanda kwenye mti. Fimbo ikiwa imepakwa chaki mstari unaonekana vizuri zaidi.

Siku ya kufurika, maji yalikuwa yamebaki sentimita 20, kimo ambacho pampu huanza kuvuta hewa. Nafasi iliyobaki ilikuwa sentimita 180, sawa na lita 15,750. Maboza mawili ya lita 10,000 hayawezi kuingia humo. Dereva alisema kweli kwamba tanki limejaa, na fundi hakusema kweli kwamba lilikuwa na maji mengi.

Lakini swali la pili la mama lilikuwa halijajibiwa, maana tanki likifurika huwezi kujua kilichoingia. Safari iliyofuata aliagiza boza moja tu, na fimbo ikasomwa kabla na baada. Kabla: sentimita 20. Baada: sentimita 130. Boza la lita 10,000 lingepandisha maji kwa 10,000 ÷ 87.5, yaani sentimita 114 na kidogo. Yalipanda sentimita 110. Sentimita 110 mara 87.5 ni lita 9,625. Zimepungua lita 375.

Hapa ndipo watu hukimbilia kumwita dereva mwizi. Kwanza ni lazima kuuliza fimbo yenyewe inaaminika kiasi gani. Ukisoma kwa makini unaweza kukosea sentimita moja kwa kila usomaji. Usomaji ni miwili, kwa hiyo makosa yakirundikana upande mmoja yanafika sentimita 2, ambazo ni lita 175. Upungufu wa 375 umepita hapo. Kitu cha pili cha kuuliza ni kama zile 87.5 ni sahihi. Urefu ukiwa umekosewa kwa sentimita 5, kila hesabu inayofuata imebeba kosa hilo. Dereva alilishika hili upesi: "Mama, boza langu limeandikwa lita elfu kumi. Fimbo yako nani kaipima?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuwepo ukutani nje ya geti.

Dira ya maji kama shahidi

Dira ya maji ya bomba hupima mita za ujazo moja kwa moja, bila kujali umbo la tanki. Zamu ya maji ilipofika usiku, pampu ya kupandisha maji juu ilizimwa ili kisitoke kitu, na mabomba ya ndani ya nyumba yaliyounganishwa moja kwa moja na njia ya mtaa yakafungwa. Hatua hii ikirukwa jaribio halina maana, kwa sababu dira itahesabu maji ambayo hayakuingia kwenye tanki, au tanki litatoa maji huku likipokea.

Dira ilisomeka 412,350 mwanzoni na 420,790 mwishoni. Hapo kuna mtego. Tarakimu za mwisho zilikuwa nyekundu na koma iliyo mbele yake ni ile ya desimali, kama inavyoandikwa katika nchi nyingi za Ulaya ambako dira hizi hubuniwa, na kama wanavyoandika ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa. Siyo mita za ujazo laki nne na kumi na mbili elfu. Ni mita za ujazo 412 na lita 350. Tarakimu nyeusi ni uniti. Nyekundu tatu zinazofuata ni lita. Dira nyingine ina tarakimu nyekundu chache na vishale vidogo vya duara vilivyoandikwa × 0.1, × 0.01 na kuendelea, hivyo kabla ya kusoma hesabu kwanza nafasi za desimali.

Tofauti ni mita za ujazo 8.440, yaani lita 8,440. Fimbo kwa muda huohuo ilitoka sentimita 30 hadi 126, ikapanda 96. Sentimita 96 mara 87.5 ni lita 8,400. Vipimo viwili visivyotegemeana vimepishana kwa lita 40, chini ya nusu sentimita ya fimbo. Zile 87.5 zilikuwa sahihi, na boza kweli lilipungua.

Wizi, hata hivyo, haukuwa umethibitishwa. Barabara ya kuingia nyumbani inateremka, na gari liliingia kwa mbele, pua ikiwa chini. Koki ya kutolea maji iko nyuma. Tangi la gari likiinama hivyo, maji ya mwisho yanakusanyika mbele na hayafiki kwenye koki, ingawa mpira unaonekana umekauka. Safari iliyofuata dereva aliombwa aingie kinyumenyume, nyuma ikae chini. Fimbo ilitoka sentimita 20 hadi 133 na nusu. Kupanda kwa 113.5 ni lita 9,931. Upungufu wa lita 69 uko ndani ya kosa la kusoma, na hauwezi kudaiwa.

Tangu hapo maboza yote huingia kinyumenyume. Maji ya mara ya kwanza hayakurudi, bila shaka, na dereva hakurudisha fedha.

Lita zilizomo na lita zinazotumika

Lita 17,500 ni ujazo wa tanki, lakini si maji ambayo familia inaweza kuyapata. Mwishoni mwa bomba la pampu kuna futi vavu, kile kichwa chenye chujio kinachozuia maji kurudi, nacho kimeinuliwa kutoka sakafuni ili kisivute tope. Kwenye tanki hili pampu huanza kuvuta hewa maji yakiwa sentimita 20. Hizo ni lita 1,750 zinazobaki chini daima. Zinazotumika ni 15,750.

Mama alikuwa amepanga kwa lita 30,000. Watu saba wakitumia lita 60 kila mmoja ni lita 420 kwa siku, na 30,000 zingemfikisha siku 71, zaidi ya miezi miwili. Kwa lita 15,750 inakuwa siku 37 na nusu. Ndiyo maana tanki lilimkaukia wakati anaamini liko nusu, na huenda kukauka huko ndiko kungepaswa kumshtua kwanza, kabla ya kufurika.

Kuna eneo jingine ambapo kosa la lita halionekani kwa macho: dawa ya klorini. Maji ya boza hutiwa dawa kwa kiasi cha miligramu kadhaa kwa kila lita, na mita ya ujazo hapa inarahisisha kazi kwa namna isiyotarajiwa. Miligramu 1 kwa lita ni gramu 1 kwa mita ya ujazo, kwa kuwa zote mbili zimezidishwa kwa elfu. Ukitaka miligramu 2 kwa lita, unahitaji gramu 2 za klorini kwa kila mita ya ujazo, na hakuna haja ya kugeuza kwenda lita kabisa.

Tanki likiwa limejaa, mita za ujazo 17.5 zinahitaji gramu 35 za klorini. Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 si klorini yote, hivyo 35 inagawanywa kwa 0.65, na inakuwa gramu 54 za unga. Aliyeamini tanki ni la lita 30,000 angepima gramu 92, na maji yangepata miligramu 3.4 kwa lita badala ya 2. Kiwango hicho bado kiko chini ya 5 ambayo Shirika la Afya Duniani limeweka kama kikomo cha maji ya kunywa, lakini ladha na harufu vitalalamikiwa. Walioafikiana juu ya lita 1,750 wangetia gramu 5.4. Hapo maji yangepata miligramu 0.2 tu, na maji yenye uchafu kidogo huimaliza dozi hiyo bila kuacha klorini ya kulinda tanki. Kosa la kuzidisha kwa 100 lingekuwa limewanywesha maji wanayoyadhani yametibiwa.

Dawa hupimwa kwa maji yaliyomo siku hiyo, si kwa ukubwa wa tanki. Baada ya boza moja fimbo ikisoma sentimita 130, maji ni 130 × 87.5, lita 11,375, au mita za ujazo 11.375. Mara 2 ni gramu 22.75 za klorini, na unga ni gramu 35.

Kwenye fimbo sasa kuna alama za rangi kila sentimita 20, na kando ya kila alama imeandikwa 1,750, 3,500, 5,250 na kuendelea hadi 17,500. Alama hizo ni za tanki hili na lipu hii. Pembe moja ya ukuta imeanza kuvuja na kuna mpango wa kupiga lipu mpya ya sentimita 2 juu ya ya zamani, kuta zote na sakafu. Ikifanyika, urefu utakuwa mita 3.46, upana 2.46 na kimo cha maji 1.98. Kila sentimita itashuka hadi lita 85, tanki litabaki na lita 16,850 hivi, na fimbo itabidi ikwanguliwe na kuandikwa upya.